Mbona kiungo cha PDF kinafunguka kwako pekee?

KIKUNDI cha vijana kinaomba ufadhili wa kununua mashine ya kutengeneza sabuni. Stakabadhi ni sita: barua ya maombi, katiba, cheti cha usajili, kumbukumbu za mkutano, bajeti na taarifa ya benki. Zote ni PDF na zote ziko ndani ya folda moja. Katibu ameongeza faili ya saba, ukurasa wa yaliyomo, ambapo ukibofya neno “Katiba” katiba yenyewe inafunguka. Kwenye laptopu yake kila kitu kiko shwari. Folda inanakiliwa kwenye flashi na kupelekwa ofisini. Afisa anabofya, kisha anapata ujumbe kwamba faili haipatikani.

“Lakini kwangu inafunguka!” katibu anasema. Na ni kweli, kwake inafunguka. Shida ni kwamba inafunguka kwake tu.

Ili kuelewa kilichotokea, tazama kile ambacho kiungo kimebeba ndani. Neno “Katiba” ni la kusomwa na binadamu. Chini yake kuna anwani ambayo kompyuta inaifuata, na ya katibu huyu inaonekana hivi:

```
file:///C:/Users/kikundi/Desktop/maombi/katiba.pdf
```

Hiyo ni anwani kamili. Inaiambia kompyuta ianze kwenye diski C, iingie kwa mtumiaji anayeitwa kikundi, ipite Desktop, iingie folda ya maombi, ndipo ichukue katiba. Kompyuta ya afisa haina mtumiaji wa jina hilo. Hata kama katiba iko palepale kwenye flashi, kando ya faili aliyoifungua, kiungo hakiiangalii. Kinaitafuta laptopu iliyobaki nyumbani.

Sasa linganisha na anwani ya pili:

```
katiba.pdf
```

Basi, imeisha. Hii tuiite anwani ya karibu. Inasema: tafuta katiba hapahapa nilipo. Programu ya kusoma PDF huanza kuhesabu kutoka kwenye folda yenye faili uliyoifungua. Ukihamisha folda nzima, majirani wote wanahama pamoja, na anwani inabaki kuwa sahihi. Flashi ikiitwa `E:` kwa kompyuta moja na `F:` kwa nyingine, hakuna neno. Hata ukibadilisha jina la folda ya nje kutoka “maombi” hadi jina lingine lolote, viungo havisikii chochote.

Vyeti vikiwa kwenye folda ndogo ya ndani, anwani inakuwa `vyeti/usajili.pdf`. Na kutoka kwenye folda hiyo ndogo kurudi nje, nukta mbili humaanisha kupanda ngazi moja: `../yaliyomo.pdf`. Mkwaju ni ule unaoegemea mbele, hata kama unatumia Windows.

Tatizo ni kwamba programu nyingi hazikuulizi unataka anwani gani. Ukiandika ukurasa wa yaliyomo kwa Word kisha uhifadhi kama PDF, kiungo ulichoweka vizuri kinaweza kugeuzwa anwani kamili bila wewe kuambiwa lolote. Njia rahisi isiyo na gharama ni kutumia LibreOffice Writer, ambayo ni ya bure na ina kitufe cha kazi hiyohiyo.

Anza na majina. Kabla ya kuweka kiungo hata kimoja, tia faili zote kwenye folda moja na uzipe majina ya mwisho. Tumia herufi ndogo, bila nafasi katikati: `barua.pdf`, `katiba.pdf`, `cheti.pdf`, `kumbukumbu.pdf`, `bajeti.pdf`, `benki.pdf`. Mambo ya “Katiba FINAL mpya 2” achana nayo. Windows haijali kama umeandika `Katiba.pdf` au `katiba.pdf`, lakini Linux inajali, na kwake hizo ni faili mbili tofauti. Ukibadilisha jina baadaye, kiungo hakitajua.

Kisha fungua Writer, anza waraka mpya, na uuhifadhi mara moja ndani ya folda hiyohiyo kwa jina `yaliyomo.odt`. Usingoje umalize kuandika. Waraka ambao haujahifadhiwa hauna makao, kwa hivyo programu haina mahali pa kuanzia kuhesabu ujirani. Ukiwa hapo, ingia `Tools`, kisha `Options`, kisha `Load/Save`, kisha `General`, uhakikishe kuna tiki kwenye `Save URLs relative to file system`. Kwa kawaida tiki huwa iko tayari.

Andika orodha yako. Chagua neno “Katiba”, bonyeza `Ctrl+K`, na kwenye kidirisha kinachotokea chagua `Document`. Bofya alama ya folda, tafuta `katiba.pdf`, kubali. Rudia kwa zile nyingine tano. Hapa wengi hushtuka, kwa sababu ukipitisha kipanya juu ya neno, Writer inakuonyesha anwani ndefu yenye `file:///`. Usianze kufuta. Writer huonyesha anwani kamili machoni hata pale inapohifadhi ile ya karibu.

Hatua inayoamua kila kitu ni ya kutoa PDF. Kile kitufe kidogo cha PDF kilicho juu usikiguse, kwa sababu hakikupi nafasi ya kuchagua. Pitia `File`, kisha `Export As`, kisha `Export as PDF`. Kidirisha kikifunguka, nenda kwenye sehemu ya `Links`. Weka tiki kwenye `Export URLs relative to file system`. Chini yake, kwenye `Cross-document Links`, chagua `Open with PDF reader application`, ili programu inayoonyesha yaliyomo ndiyo ifungue pia katiba, badala ya kupeleka kazi kwa kivinjari. Mwishowe hifadhi `yaliyomo.pdf` ndani ya folda hiyohiyo yenye zile faili sita. Ukiitupa kwenye Desktop kisha uiburute ndani baadaye, utakuwa umevuruga hesabu, maana ujirani ulipimwa kutoka Desktop.

Sasa kujaribu, na hapa ndipo katibu wetu alipotegwa. Alinakili folda kwenye flashi, akaifungua kutoka kwenye flashi akiwa bado kwa laptopu yake, akabofya, ikafunguka. Akaridhika. Lakini kilichofunguka hakikuwa katiba ya kwenye flashi. Ilikuwa ile ya Desktop, kwa sababu folda ya kwanza ilikuwa bado mahali pake na anwani kamili iliipata bila shida. Jaribio la aina hiyo hupita hata kama viungo vyote ni vibovu.

Jaribio la haki ni hili. Nakili folda kwenye flashi. Kisha badilisha jina la folda iliyobaki kwenye laptopu, kwa mfano iite `maombi-zamani`. Sasa fungua `yaliyomo.pdf` kutoka kwenye flashi na ubofye viungo vyote sita, kimoja baada ya kingine. Anwani kamili haina tena pa kwenda, kwa hivyo kiungo kibovu kitajitoa chenyewe. Kikifunguka hapo, ni cha karibu kweli. Kuangalia anwani kwa kipanya peke yake hakutoshi, kwa kuwa baadhi ya programu za kusoma PDF huirefusha anwani ya karibu kabla ya kukuonyesha, ukadhani ni mbovu.

Ukikuta kibovu kimoja kati ya sita, kwanza chunguza tahajia ya jina la faili. Vikiwa vibovu vyote sita, rudi kwenye tiki ya `Links`, au angalia kama PDF ilihifadhiwa nje ya folda.

Kuna mipaka ambayo tiki yoyote haiwezi kuivuka. Anwani ya karibu inategemea majirani kuwepo. Ukituma `yaliyomo.pdf` peke yake kwa WhatsApp, umemtumia mtu orodha ya milango bila nyumba. Ukituma folda kwa barua pepe, itabidi uifunge kuwa faili moja ya zipu, na mpokeaji lazima aifungue kabla ya kusoma. Kwenye Windows zipu huonekana kama folda ya kawaida, kwa hivyo mtu hubofya yaliyomo mara mbili humohumo. Windows humtolea faili hiyo moja tu na kuiweka mahali pa muda, mbali na wenzake, na viungo vyote vinakufa. Mwandikie sentensi moja kwenye barua: “Tafadhali bonyeza `Extract All` kwanza, kisha ufungue yaliyomo.”

Simu nayo ni hadithi nyingine. Kwenye Android, programu ya kusoma PDF mara nyingi hukabidhiwa faili moja tu uliyoichagua, bila ruhusa ya kuona folda ilikotoka. Inasoma yaliyomo vizuri, lakini ukibofya katiba haijui majirani wako wapi. Hali ni hiyohiyo faili ikitazamwa ndani ya barua pepe bila kupakuliwa. Kama unajua kwamba atakayesoma atatumia simu, usimpe folda. Unganisha stakabadhi zote kuwa PDF moja, uweke viungo vya ndani vinavyoruka kutoka ukurasa hadi ukurasa. Hiyo haina jirani wa kupotea.

Je, unaweza kuweka kiungo kinachofungua bajeti moja kwa moja kwenye ukurasa wa tatu? PDF inaruhusu, lakini programu za kusoma hazitii kwa njia moja, na kinachofanya kazi kwako huenda kikamfungulia afisa ukurasa wa kwanza. Kama jedwali la bei ndilo unalotaka alione kwanza, litoe liwe faili yake, `bei.pdf`, halafu uliwekee kiungo chake. Au andika wazi kwenye orodha: “Bajeti, tazama ukurasa wa 3.”

Na kama bajeti itarekebishwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho, hakuna haja ya kugusa ukurasa wa yaliyomo. Toa PDF mpya kwa jina lilelile, `bajeti.pdf`, uifunike ile ya zamani. Kiungo hakiangalii kilicho ndani ya faili, kinaangalia jina tu, kwa hivyo afisa akibofya atapata hesabu mpya.