Duka la Karibu, na Maji Katikati

Mama lishe wa Feri, Dar es Salaam, gesi imemwishia na wateja wameshakaa mezani. Anafungua programu kwenye simu na kuomba duka la mitungi lililo karibu naye. Simu inatuma namba mbili, latitudo -6.82 na longitudo 39.30. Tuseme kampuni ina jedwali la maduka laki moja ya nchi nzima, na humo ndimo jibu linamotafutwa.

Njia ya kwanza inayomjia mtu ni kupima umbali wa kila duka, kisha kuyapanga kuanzia la karibu. Jibu litakuwa sahihi, lakini kwa kila anayeuliza kompyuta itapima hadi Mwanza na Mtwara. Wengine hujaribu kupunguza kazi kwa kuweka faharasa ya kawaida kwenye latitudo. Faharasa hiyo hupanga namba kwa mfululizo, ndogo hadi kubwa, na hapo ndipo inapokwama: Morogoro mjini nako latitudo ni karibu -6.82, ingawa kuko zaidi ya kilomita 170 kutoka Feri. Ukishika longitudo badala yake, utachota maduka ya Unguja mjini pamoja na ya Dar. Namba moja peke yake hukata ukanda mrefu wa nchi, nasi tunataka kipande kidogo.

Dawa yake ilielezwa mwaka 1984 na Antonin Guttman, naye akaiita R-tree. Maduka yaliyo jirani hufungwa ndani ya mstatili mmoja, mistatili iliyo jirani hufungwa ndani ya mstatili mkubwa zaidi, na kuendelea hivyo hadi juu, kama nyumba zinavyokuwa ndani ya mtaa, mtaa ndani ya kata, kata ndani ya wilaya. Kompyuta huanza juu na kuuliza ukingo wa kila mstatili uko mbali kiasi gani na mteja. Ikiwa imeshapata maduka matano ndani ya mita 900, na mstatili fulani ukingo wake wa karibu uko kilomita 4, basi vyote vilivyomo huachwa bila kupimwa hata kimoja. Mwanza nzima huondoka kwa swali moja.

Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, kazi hii hufanywa na nyongeza iitwayo PostGIS. Mahali pa duka huwekwa kwenye safu wima moja ya aina ya `geography`, si namba mbili zilizotengana:

```sql
CREATE INDEX ON maduka USING gist (mahali);

SELECT jina
FROM maduka
ORDER BY mahali <-> 'POINT(39.30 -6.82)'::geography
LIMIT 5;
```

Alama `<->` ni umbali, na kwa aina hii ya safu hupimwa kwa mita. Ikiwa programu inaburuta miguu, andika `EXPLAIN` mbele ya `SELECT`. Ukiona `Index Scan`, faharasa inatumika. Ukiona `Seq Scan` kwenye jedwali kubwa namna hii, kompyuta inapitia maduka yote moja baada ya jingine.

Angalia pia mpangilio wa namba ndani ya `POINT`. Longitudo hutangulia, kinyume na tulivyozoea kuzitaja. Ukizigeuza hakuna onyo lolote, kwa sababu -6.82 na 39.30 nazo ni mahali halali duniani: magharibi mwa Uhispania, karibu na mpaka wa Ureno. Mama lishe ataletewa maduka matano kama kawaida, ila umbali utasomeka maelfu ya kilomita. Ndiyo maana napenda umbali uonyeshwe kwenye majibu wakati wa majaribio.

Linabaki tatizo ambalo faharasa haiwezi kuliona. Ng'ambo ya Feri ni Kigamboni, na duka la huko linaweza kuongoza orodha kwa sababu umbali umepimwa kwa mstari ulionyooka juu ya maji. Bodaboda aliyebeba mtungi itambidi asubiri kivuko, au azunguke hadi Daraja la Nyerere kule Kurasini.

Hapa kazi hugawanywa mara mbili. Faharasa hutoa maduka machache kwa mstari ulionyooka, kisha programu ya njia, kama OSRM, hupima barabara kwa hayo machache tu. Uchache wao hauhitaji kubahatishwa, kwani barabara haiwezi kuwa fupi kuliko mstari ulionyooka. Tuseme duka la Kigamboni liko mita 800 kwa mstari lakini kilomita 15 kwa barabara, na linalofuata, la Kariakoo, ni kilomita 3 kwa mstari na 3.6 kwa barabara. Maduka yanayofuata hupimwa hadi mstari ulionyooka ufike kilomita 3.6. Zaidi ya hapo hakuna duka linaloweza kulishinda lile la Kariakoo, na upimaji unasimama.