Kichwa cha Barua-pepe Mjadala Unapohama: Mfano wa Safari ya Idjwi

Makala haya yanahusu jambo dogo katika uandishi wa barua-pepe za kikazi, nalo ni wakati wa kubadilisha kichwa cha mfululizo wa barua ulioanza kwa kupanga tarehe, kisha ukahamia mambo mengine. Mfano unaotumiwa ni wa kutunga, ila mazingira yake ni halisi. Ni safari ya utafiti wa lugha kutoka Bukavu kwenda kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, mwezi Agosti 2024, yaani miezi sita kabla ya vita kufika Bukavu Februari 2025.

Walioandikiana ni watu watatu: mhadhiri aliyeko Bukavu, mwenzake wa Dar es Salaam, na mwanafunzi mwenyeji wa Idjwi kusini, katika utawala wa Ntambuka. Kusudi lao ni kurekodi wasimuliaji wazee wanaosema Kihavu na Kiswahili. Barua ya kwanza, ya Jumatatu tarehe 5, yenye kichwa "Safari ya Idjwi: tarehe", ilitoka kwa mhadhiri, akiuliza ni siku gani ya juma linalofuata itawafaa wote. Mwanafunzi alijibu kwamba boti na wenyeji watapatikana "siku ya tano", kisha katika barua hiyohiyo akauliza wasimuliaji watapewa nini kwa kazi yao. Mwenzake wa Dar es Salaam alijibu, "Siku hiyo inafaa, nitakata tiketi," na aya tatu zilizobaki akazitumia kujadili malipo: je, fedha taslimu hazitawafanya watu waseme kile wanachodhani mtafiti anataka kukisikia? Mhadhiri akajibu juu ya malipo. Mwanafunzi akaongeza habari za fomu ya ridhaa. Zikafika barua tisa, zote zikiwa na kichwa kilekile cha tarehe.

Kosa lilikuwa limekwisha kutendeka katika barua ya pili. Katika Kiswahili cha Kivu, siku za kazi huhesabiwa kuanzia Jumatatu, ambayo ni siku ya kwanza. Kwa hiyo siku ya tano ni Ijumaa, hapo ikiwa tarehe 16. Msomaji wa Dar es Salaam, ambaye juma lake lahesabiwa kuanzia Jumamosi, alisikia "tano" akaelewa Jumatano, tarehe 14. Kila mmoja alikuwa sahihi katika lugha yake. Hakuna aliyeligundua jambo hilo, kwa sababu tangu barua ya tatu hakuna aliyekuwa akisoma habari za tarehe, ingawa kichwa kiliendelea kusema kwamba ndizo zinazozungumzwa. Tiketi ya ndege ilikatwa ya siku mbili mapema mno.

Ni kweli kwamba kichwa peke yake kisingeirekebisha siku iliyoeleweka vibaya. Lakini kama malipo yangehamishiwa chini ya kichwa chao tangu barua ya tatu, mfululizo wa tarehe ungebaki na barua tatu fupi, na ya mwisho ingelazimika kutaja siku na kuufunga mjadala. Barua ya kufunga ndiyo iliyokosekana, na mara nyingi hukosekana kwa sababu hiyohiyo: mazungumzo yanaendelea, hivyo kila mtu anaona kwamba bado yako hai.

Mtu atajuaje basi kwamba mjadala umehama kweli, na si kwamba umechepuka kidogo tu? Kigezo cha urefu wa barua hakifai, wala kigezo cha idadi yake. Kinachofaa zaidi ni swali moja: jibu la jambo hili jipya laweza kuibadilisha tarehe? Likiweza, jambo hilo bado ni sehemu ya kupanga safari, na kichwa kibaki. Lisipoweza, limehama, na kichwa kibadilike katika barua ileile inayolijadili kwa mara ya kwanza.

Swali la boti, mathalani, laonekana kuwa jambo jingine, kwa kuwa ni la usafiri. Hata hivyo, ikiwa boti haiendi kila siku, basi ratiba yake ndiyo inayoamua tarehe, na kuitenga kungewafanya watu wapange siku isiyo na chombo. Malipo ya wasimuliaji ni kinyume chake. Wakipewa sabuni na chumvi au wakipewa faranga, safari itakuwa siku ileile. Jambo gumu zaidi ni ruhusa ya mwami. Ikiwa kinachoulizwa ni lini mwami atakuwapo kuwapokea wageni, hilo ni suala la tarehe. Ikiwa kinachoulizwa ni barua ya utambulisho iandikwe kwa maneno gani na itiwe saini na nani, hilo ni suala jingine. Maneno "ruhusa ya mwami" yako katika maswali yote mawili, kwa hiyo anayeamua kwa kuangalia maneno badala ya swali atakosea.

Desturi hii si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili. Barua rasmi ya Tanzania ina alama mbili zinazofanya kazi mbili tofauti. "Kumb. Na." huonyesha jalada ambamo barua inakaa pamoja na zilizotangulia, na "YAH:" husema barua hiyo moja inahusu nini. Wakenya huandika "KUH:" au "MINT:", na wenye kuandika kwa Kifaransa huko Bukavu huweka "Objet". Karani wa masjala hapati taabu barua mbili za jalada moja zikiwa na "YAH:" tofauti. Barua-pepe nayo ina alama hizo mbili, isipokuwa ile ya jalada imefichwa isionekane na msomaji. Kiwango cha RFC 5322 cha mwaka 2008 kinaeleza kwamba kila barua hupewa kitambulisho chake, na jibu hubeba kitambulisho cha barua inayojibiwa. Jibu la mwenzetu wa Dar es Salaam, kama angebadilisha kichwa, lingekuwa hivi ndani yake:

```
Subject: Malipo ya wasimuliaji (awali: Safari ya Idjwi: tarehe)
In-Reply-To: <barua2@mfano.example>
References: <barua1@mfano.example> <barua2@mfano.example>
```

Mstari wa kwanza ndio "YAH:", na miwili inayofuata ndiyo "Kumb. Na." Hata lile "Re:" ambalo programu huliweka lenyewe mbele ya kichwa ni ufupisho wa Kilatini wenye maana ya "katika jambo la", yaani ni ndugu wa "YAH:" kabisa, ingawa wengi hulidhania kuwa ni "jibu". Maneno "awali:" ndani ya mabano ni ya mwandishi mwenyewe. Yanamwonyesha msomaji mjadala umetoka wapi, na baada ya jibu moja au mawili huondolewa.

Hapa pana jambo la kutahadhari. Programu hazikubaliani ni alama ipi kati ya hizo mbili ifuatwe. Gmail huanzisha mazungumzo mapya mara kichwa kinapobadilika, hata kama vitambulisho vinaunganisha barua. Thunderbird, kwa mpangilio wake wa kawaida, hufuata vitambulisho, hivyo barua yenye kichwa kipya huendelea kuning'inia chini ya ile ya zamani. Kutokana na tofauti hiyo, anayebadilisha kichwa asitegemee kwamba wenzake wanaona barua zilizotangulia. Hana budi kunukuu sentensi mbili tatu anazozijibu, na kufungua kwa sentensi kama hii: "Suala la malipo nimelitenga hapa, tarehe ibaki katika barua ile." Na kama jambo jipya halina uhusiano wowote na la zamani, kubadilisha kichwa cha jibu hakutoshi, ianzishwe barua mpya tupu. Tabia ya kutafuta barua ya zamani ili kupata anwani, kubonyeza kujibu na kuandika habari nyingine kabisa, huiacha ile "Kumb. Na." iliyofichwa ikiwa ya jalada lisilohusika.

Pengine watu hawabadilishi kichwa kwa sababu tu hawakioni. Katika Gmail ya kompyuta, kichwa hakionyeshwi wakati wa kujibu. Ni lazima kubonyeza mshale mdogo ulio kando ya alama ya kujibu, kisha kuchagua `Modifier l'objet` kwa wenye skrini ya Kifaransa, au `Edit subject` kwa wenye Kiingereza.

Kutenga jambo ni pia nafasi ya kuangalia upya wapokeaji. Mhasibu wa idara anahitaji kuijua bajeti ya malipo, lakini hana haja ya barua za kupanga saa. Vilevile wako wanaohitaji tarehe tu, na si busara wasome mabishano kuhusu thamani ya kazi ya wazee wao. "Jibu wote" iliyofaa katika barua ya kwanza huenda isifae katika ya nne.

Kwa upande wa tarehe yenyewe, badiliko moja la kichwa lina faida kuliko yote, nalo ni lile la kufunga. Siku ikishakubaliwa, aliyeitisha safari huandika barua moja ya mwisho yenye kichwa kama hiki: "IMEAMULIWA: Idjwi, Ijumaa 16/8/2024, saa 2 asubuhi Bukavu (saa 3 Dar)". Saa hutajwa mara mbili kwa kuwa mashariki mwa Kongo iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Mwanafunzi aliyeko kisiwani, anayesoma kwa simu yenye mtandao hafifu, huyapata yote katika orodha ya barua bila kuifungua hata moja. Na mwenzake wa Dar es Salaam, kabla hajalipia tiketi, angeliona neno "Ijumaa" pale alipotarajia "Jumatano".

Baada ya hapo badiliko lolote la siku lirudi chini ya kichwa hicho. Hapo ndipo wengi hujikwaa, hata waliotenga mambo vizuri. Katikati ya barua ya malipo mtu huongeza mwishoni, "Halafu boti imesogezwa hadi Jumamosi." Sentensi hiyo moja yastahili barua yake, hata kama itakuwa na maneno matano. Ukali huo lakini usivuke mpaka. Mfululizo wa barua sita wenye vichwa vinne huwatawanya wasomaji vibaya kuliko ule wa kichwa kimoja, na swali la kupita, kama vile nani atabeba betri za kinasa sauti, hujibiwa palepale na kuachwa. Likirudi mara ya pili na kuhitaji uamuzi, basi limekuwa na jalada lake.