Shikamoo Kabla ya Kodi: Siku ya Kwanza Kwenda Kuona Chumba

Mtu anayetafuta chumba Dar es Salaam huwa ameshajiandaa kwa mambo ya hela. Anajua dalali atataka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, na kwamba wenye nyumba wengi wanapokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Asichokijua ni kwamba kwenye nyumba nyingi za Manzese, Mabibo, Temeke au Magomeni, hela peke yake haimpi mtu ufunguo. Mwenye nyumba anaishi humo humo, chumba cha mbele. Choo na bafu viko uani, na watu wote wanavitumia. Anayekuja kupanga atapishana naye koridoni asubuhi na jioni kwa miezi au miaka, kwa hiyo anataka kwanza kumwona ni mtu wa namna gani. Kipimo chake cha kwanza ni salamu.

Salamu zenyewe zinaanzia kwa dalali, kabla hujafika kwenye nyumba. Madalali wengi utawakuta wamekaa kwenye kibao chini ya mti au nje ya duka, na kibao kina maandishi ya vyumba, fremu na viwanja. Msalimie kama mtu mwenye kazi yake: "Habari za kazi, kaka," au "Shikamoo, mzee," kulingana na umri. Mweleze uwezo wako kwa ukweli na uulize mapema hela ya kuonyeshwa ni kiasi gani, na kama inatozwa mara moja au kwa kila chumba. Kuuliza hivyo hakumuudhi. Kinachomuudhi ni mtu anayezungushwa mchana kutwa kisha akadai hakuambiwa. Usimfiche pia habari ambayo mwenye nyumba ataijua tu. Kama una watoto wawili, sema wawili. Dalali akishakutambulisha kama mtu wa peke yake, halafu familia ikateremka kwenye kirikuu siku ya kuhamia, aliyeharibikiwa si wewe tu. Na yeye hatapata tena chumba kwenye nyumba ile.

Muda wa kwenda una maana yake. Asubuhi ya saa tatu hadi saa tano ni nzuri, na alasiri kabla jua halijazama. Usiende magharibi, wakati watu wanaswali na wanapika, wala Ijumaa mchana kwenye nyumba ya Waislamu. Mchana una faida nyingine: utaiona hali ya ukuta na dirisha bila kutegemea taa.

Sasa umefika. Barazani wamekaa watu watatu: mzee mwenye redio, mama anayechambua mboga, na kijana anayechezea simu. Wengi wanakosea hapa. Wanamuuliza dalali kwa sauti, "Mwenye nyumba ni nani kati ya hawa?" kabla hawajasalimia. Wasalimie wote kwanza. Kama wengi ni wakubwa kwako, "Shikamooni" inatosha, na ukiona dalili za nyumba ya Kiislamu, "Asalaam aleykum" inapokelewa vizuri hata ikitoka kwa asiye Mwislamu. Kisha geuka kwa kijana: "Mambo vipi, kaka?" Huenda kijana huyo ndiye mwenye nyumba. Siku hizi nyumba nyingi ni za urithi, na anayepokea kodi ni mtoto wa marehemu. Mzee mwenye redio anaweza kuwa mpangaji wa miaka kumi.

Shikamoo nayo inataka macho. Kwa mtu wa umri wa wazazi wako haina mjadala. Lakini mwanamke anayekuzidi miaka mitatu minne, ukimwamkia shikamoo barazani mbele ya wenzake, anaweza kuona umemzeesha. Kwake "Habari za hapa, dada?" ina heshima ya kutosha. Ukishindwa kukadiria, salimia kwa "Habari za saa hizi" na usikilize jinsi watu wa nyumba wanavyomwita. Wakimwita Mama Asha, na wewe mwite hivyo hivyo.

Baada ya salamu, nyamaza kidogo. Zamu inayofuata ni ya dalali, naye atasema kitu kama, "Mama, huyu ndiye yule niliyekupigia simu." Ukimkatiza na kuanza kujieleza, unamvunjia kazi yake na unaonekana una haraka. Ukishatambulishwa, taja jina lako, unakofanya kazi na unakokaa sasa. Ukikaribishwa kiti, kaa, hata kama una dakika chache. Ukikaribishwa sebuleni, vua viatu mlangoni bila kungoja kuambiwa.

Tuchukue mfano wa muuguzi wa miaka ishirini na minane, hana mume, anatafuta chumba cha shilingi 70,000 kwa mwezi. Mama mwenye nyumba, wa umri wa mama yake, anamuuliza.

"Umeolewa, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Utakaa na nani?"

"Peke yangu. Mdogo wangu atakuja wakati wa likizo, nitakuwa nakuarifu kabla."

"Na kazini unarudi saa ngapi? Maana hapa mlango unafungwa saa nne."

"Hilo nilitaka nikueleze mwenyewe, mama. Mimi muuguzi, kuna wiki naingia zamu ya usiku. Natoka hapa saa kumi na mbili jioni, narudi asubuhi. Nikichelewa zamu ya mchana, sijui utaratibu wa hapa unaruhusu vipi?"

Jibu la mwisho ndilo lililobeba mzigo. Hakungoja agunduliwe. Alilitaja jambo ambalo majirani wangelitafsiri vibaya wiki ya kwanza, kisha akamwachia mama nafasi ya kupanga, kwa kuwa nyumba ni yake. Mama anaweza kusema kila mpangaji ana ufunguo wake, au kwamba kijana wake hufungua. Anaweza pia kusema haiwezekani, na ni heri kulijua hilo kabla ya kulipa.

Napenda kusema wazi kwamba maswali haya hayawaangukii watu wote sawa. Mwanamume wa umri ule ule huulizwa kazi na kodi, basi. Mwanamke wa peke yake huulizwa mume, wageni, saa za kurudi, na wakati mwingine mambo yasiyomhusu mwenye nyumba hata kidogo. Sioni haki hapo. Hata hivyo, mtu anayehitaji chumba wiki hii hana muda wa kubadilisha mtaa mzima, na njia inayofaa ni kujibu yanayohusu maisha ya pamoja, yaani idadi ya watu, saa na wageni, na kuyapita mengine kwa upole: "Hayo Mungu atajaalia, mama." Kisha uulize jambo la chumba. Akirudia swali hilo hilo mara tatu, au akianza kukugusa, au akitaka mkaonane jioni bila dalali, ondoka. Umeshaonyeshwa maisha ya pale yatakuwaje.

Kutoka barazani mnapita koridoni kwenda chumbani, na mara nyingi mpaka uani. Uani kuna wapangaji wenzako wa kesho: mmoja anafua, mwingine anabandika chungu. Wasalimie kwa kuwatazama usoni. "Habari za kazi, jamani. Poleni na kazi." Mwenye nyumba atawauliza jioni, "Yule mliyemwona mchana, mnamwonaje?" na neno lao lina uzito, kwa sababu wao ndio watakaogawana nawe zamu ya kufagia na bili ya maji. Ukitaka kuona choo na bafu, piga hodi kwanza. Usivute mlango.

Hapa ndipo salamu inakusaidia wewe pia. Utapeli wa vyumba unajulikana: mtu anajifanya mwenye nyumba, anapokea kodi, na siku ya kuhamia unakuta chumba kina mtu. Tapeli anaweza kuazima ufunguo, lakini ni vigumu aazime jamaa wa nyumba nzima. Angalia kama watoto wanamwamkia huyu unayeambiwa ndiye baba mwenye nyumba. Angalia kama yule anayefua amemwita kwa jina au amemtazama kama mgeni. Ukimsalimia mpangaji na kumwambia, "Nimekuja kuona chumba cha mzee," uso wake utakujibu. Na ukiona dalali hataki kabisa usalimiane na mtu, anakuharakisha kwa maneno ya "tutoke, kuna mwingine anakuja na hela," hiyo ni sababu tosha ya kutotoa hata shilingi siku hiyo. Kabla ya kulipa, omba mkataba wa maandishi, na mkiweza mkaandikishane mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenye nyumba wa kweli haoni aibu kwenda huko.

Ndani ya chumba, chunguza bila kukosoa. Tazama dari kama ina madoa ya maji, angalia ukuta wa chini kama umevimba kwa unyevu, fungua dirisha, hesabu soketi. Usiseme "kadogo hivi!" wala usigune. Chumba hicho ni jasho la mtu, au la marehemu mumewe. Mambo unayotaka kujua yageuze maswali: "Mama, maji hapa yanatoka siku zipi?" "Umeme tunachangiaje, LUKU ni moja au kila chumba kina mita yake?" Ukitaka kupiga picha, omba ruhusa, maana ukielekeza simu korido nzima, watu wanajiuliza unapeleka wapi picha za nyumba yao.

Habari ya kupunguziwa iache mpaka mmerudi barazani, na hapo omba muda kabla ya bei. Bei mara nyingi imeshatangazwa kwa wapangaji wote na mwenye nyumba ataona haya kuishusha. Idadi ya miezi inazungumzika. Kwa chumba cha 70,000, miezi sita pamoja na ya dalali ni 490,000. Muuguzi wetu akisema, "Mama, chumba nimekipenda, naomba unipokee kwa miezi mitatu, nikimaliza naendelea," na mama akakubali, anaingia na 280,000. Mama aliyejibiwa vizuri na kusalimiwa vizuri analikubali ombi hilo kwa urahisi zaidi kuliko mama aliyeambiwa "miezi sita ni mingi, siku hizi watu wanachukua mitatu."

Na kama chumba hukukipenda, usimwambie pale pale. Sema, "Nashukuru, mama, nimekiona. Naomba nikajipange, nitakujibu kupitia kwa kaka kabla ya kesho jioni." Kisha mpigie dalali kweli kabla ya kesho jioni, umweleze sababu moja ya wazi: maji, au umbali, au mlango wa saa nne. Dalali aliyepewa sababu anajua cha kukutafutia, na chumba kinachofuata atakupigia wewe kabla hajakiandika kwenye kibao.