Bei Zisimame Mstari Mmoja

Mama mmoja mwenye mgahawa karibu na stendi hapa Tanga alikuja steshenari kwetu na flashi mkononi. Menyu yake alikuwa ameichapa mwenyewe nyumbani, kwa kompyuta ya mwanawe, jioni mbili mfululizo, na huko kwenye kioo bei zote zilikuwa zimekaa sawa. Nilipoifungua kwangu zilikuwa zimetawanyika. Ya chai imeingia ndani, ya supu imetoka nje, ya pilau imeangukia mstari wa chini peke yake.

"Mwanangu, mashine yako ina nini?" aliniuliza.

Mashine haikuwa na neno. Nilibonyeza Ctrl+Shift+8, ambayo kwenye Word huonyesha alama zisizoonekana kwenye karatasi, nikamgeuzia kioo. Kila mahali alipobonyeza kitufe cha nafasi pakatokea kidoti kidogo cha juu. Baada ya "Chai ya maziwa" vilikuwepo vidoti 43. Baada ya "Samaki wa kupaka" vilikuwepo 38. Alikuwa akisukuma kila bei kwa nafasi, moja moja, mpaka jicho liridhike.

Kwa taipureta njia hiyo ingefaa, kwa sababu kule kila herufi ilichukua upana uleule, "i" sawa na "m". Fonti nyingi za kompyuta haziko hivyo. Ukiandika "iii" na "mmm" utaona ya pili imeizidi ya kwanza mbali, na nafasi tupu nayo ina upana wake unaotegemea fonti. Kwa hiyo hakuna idadi ya nafasi itakayofikisha bei mbili mahali pamoja kwa uhakika, zitakaribiana tu. Na faili likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ile, Word huweka nyingine badala yake, na hesabu yote ya nafasi huvurugika. Ndicho kilichompata huyu mama.

Dawa yake ni kitufe cha Tab. Ila kwanza lazima uiambie Word kituo kiko wapi, maana usipoiambia kitaruka hatua fupi za sentimita 1.27, na utarudi kulekule kubahatisha. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukiacha pambizo ya sentimita 2 kila upande, maandishi yanabakiwa na sentimita 17. Hapo 17 ndipo bei zinapotakiwa kuishia. Unafungua Paragraph, unabonyeza Tabs… kule chini, na kwenye Tab stop position unaandika 17 cm. Kwenye Alignment unachagua Right, na kwenye Leader unachagua namba 2, ile ya vidoti. Kisha Set, kisha OK. Kuanzia hapo unaandika jina la chakula, unabonyeza Tab mara moja tu, unaandika bei. Bei yenyewe hurudi nyuma kadiri unavyoiandika, tarakimu yake ya mwisho ikibaki imegota kwenye ukingo wa kulia, na vidoti hujipanga vyenyewe kuliongoza jicho kutoka kwenye jina.

Kugota kulia kuna sababu yake. Bei zikianzia kushoto pamoja, 500 na 12,000 huanza mahali pamoja na msomaji hulazimika kusoma kila moja. Zikiishia kulia pamoja, mamoja yanakaa chini ya mamoja na maelfu chini ya maelfu, na namba iliyo kubwa inaonekana ni kubwa kabla hujaisoma. Ndiyo maana alama ya "/=" ikiwekwa kwenye bei moja ikaachwa kwenye nyingine inaharibu kazi yote: tarakimu za ile yenye alama husukumwa ndani. Tuliziondoa zote, tukaandika mara moja chini ya ukurasa, "Bei zote ni kwa shilingi." Fonti nayo iangaliwe. Georgia, kwa mfano, ni nzuri kusoma, lakini tarakimu zake nyingine hushuka chini ya mstari na nyingine hubaki fupi, na safu ya bei huonekana kama inayumba hata ikiwa imepangwa vizuri.

Wapo wataalamu wa mahoteli wanaopinga safu ya bei kabisa. Wanasema mteja hushuka nayo kwa kidole akitafuta iliyo ndogo, kwa hiyo bei ifichwe mwishoni mwa maelezo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta pia kwamba wateja waliopewa menyu yenye namba tupu, bila alama ya dola wala neno dola, walitumia pesa nyingi zaidi. Kwa hoteli ya ufukweni mtu aliyekuja kukaa jioni nzima, huenda ushauri huo una faida. Mgahawa wa stendi ni habari nyingine. Mteja ana noti ya elfu tano na basi linaondoka baada ya nusu saa. Asipoiona bei mara moja atauliza, mhudumu atasimama kumjibu, na meza tatu zitasubiri. Bei yake iwe wazi, na iwe mahali anapoitegemea.

Basi tukaja kwenye makundi, na hapo ndipo tulipokaa muda mrefu. Menyu ilikuwa na wali samaki, wali nyama, wali maharage, ugali samaki, ugali nyama, ugali maharage, na kuendelea hivyo kwa ndizi na kwa chapati. Vitoweo saba kwa aina nne za chakula ni mistari 28, na karibu yote ilikuwa inasema jambo lilelile. Nilimuuliza mteja akikaa huanza kusema nini. Akacheka, akasema, "Huuliza, 'Mama, leo kuna mboga gani?'" Hilo ndilo lilikuwa jibu. Tuliunda kundi moja la vitoweo, kila kimoja na bei yake pamoja na wali au ugali, na mwisho wa kundi tukaweka mstari mmoja: "Kwa ndizi au chapati mbili, ongeza 1,000." Mistari 28 ikawa minane.

Makundi mengine yalifuata jinsi siku inavyokwenda mgahawani. Asubuhi: chai, supu, chapati, mkate wa kumimina. Halafu vitoweo. Halafu pilau na biriani, ambavyo kwake hupikwa Ijumaa na Jumapili, na siku hizo tuliziandika kwenye kichwa cha kundi ili mtu wa Jumanne asiviagize bure. Halafu chipsi na kuku. Vinywaji mwisho. Kuku alihitaji bei mbili, robo na nusu, kwa hiyo mistari yake tuliipa vituo viwili vya Tab vyenye Alignment ya Right, kimoja sentimita 14 na kingine 17, na maneno "Robo" na "Nusu" yakakaa juu ya safu zao.

Maelezo mafupi chini ya jina ndiyo yanayoandikwa vibaya kuliko vyote. Chini ya urojo mama alikuwa ameandika "mtamu sana, karibu ujaribu." Mtu aliyeshuka basi kutoka Iringa hajui urojo ni kitu gani, na utamu hauwezi kumwambia. Tulibadilisha: "Supu nzito ya unga yenye embe mbichi, viazi, bajia na kachori. Ina pilipili." Sasa anajua anachoagiza, na asiyekula pilipili ameonywa. Kipimo changu ni maneno kama kumi hivi, yaseme kile ambacho jina halisemi: samaki gani, amechomwa au amekaangwa, kuna karanga au mayai, atasubiri muda gani. Jina likijieleza lenyewe, kama chai ya rangi, liache bila maelezo. Na maelezo yasifike chini ya bei. Kwenye Paragraph, Indentation, upande wa Right, weka sentimita 3, ili safu ya bei ibaki na uwazi wake.

Kundi la vitoweo lilianza kuonekana hivi:

```
VITOWEO, pamoja na wali au ugali
Samaki wa kupaka ................. 9,000
  Changu mzima wa kuchoma,
  tui zito na ndimu. Dakika 25.
Pweza wa nazi ................... 12,000
Maharage ya nazi ................. 2,500
```

Kazi hii isifanywe mstari kwa mstari. Tengeneza mitindo mitatu kwenye Styles: Kundi, Chakula na Maelezo. Kile kituo cha sentimita 17 kiwekwe ndani ya mtindo wa Chakula, kwa kupitia Format kisha Tabs…, na lile pengo la sentimita 3 ndani ya mtindo wa Maelezo. Kisha kwenye Style for following paragraph, ambia Kundi lifuatwe na Chakula, Chakula kifuatwe na Maelezo, na Maelezo yafuatwe na Chakula. Ukishaandika bei na kubonyeza Enter, unajikuta tayari kwenye maandishi madogo ya maelezo. Ukibonyeza tena, umerudi kwenye jina la chakula kinachofuata. Chakula kisicho na maelezo unakibadilishia mtindo kwa mkono. Kwenye Kundi, na kwenye kila Chakula chenye maelezo, washa Keep with next, la sivyo siku moja jina la samaki litabaki chini ya ukurasa na maelezo yake yatahamia juu ya ukurasa wa pili.

Mitindo ilituokoa saa ileile. Mama aliona ukurasa una uwazi mwingi katikati, akataka safu mbili. Nilipogawa, kila kitu kikavurugika, kwa sababu kituo kilikuwa bado sentimita 17 na sasa safu ilikuwa na upana wa sentimita 8 tu, na sentimita 1 ya kutenganisha. Nilifungua mtindo wa Chakula, nikaondoa 17, nikaweka 8. Bei zote zikarudi mahali pake kwa pamoja. Mistari ya kuku, yenye vituo vyake viwili, niliiwekea 5.5 na 8. Palibaki tatizo moja: "Mchuzi wa nyama ya ng'ombe wenye viazi na karoti" lilikuwa jina refu kwa safu nyembamba, na bei yake ikashuka mstari wa pili. Tulikata jina likawa "Mchuzi wa ng'ombe", viazi na karoti vikahamia kwenye maelezo.

Kabla ya kuipitisha kwenye laminesheni tulichapa nakala moja kwenye karatasi ya kawaida, nikaweka rula ya plastiki kwenye ukingo wa bei kutoka juu hadi chini. Hakuna tarakimu iliyovuka wala iliyorudi nyuma. Kisha mama aliichukua akaenda nayo mgahawani jioni, akaisoma chini ya taa yake mwenyewe, akarudi asubuhi kuniambia maelezo ni madogo mno kwa mtu mzima. Nilipandisha maandishi ya Maelezo kutoka 9 hadi 10.5, mahali pamoja tu, na tukachapa nakala 12.

Baada ya miezi miwili alirudi na flashi ileile. Samaki amepanda, 9,000 imekuwa 10,000. Alikaa kwenye kompyuta mwenyewe, akafuta tarakimu, akaandika mpya, na ile moja iliyoongezeka ikasogea kushoto kwenye vidoti.