Kwa Nini Pochi ya Kifaa Hukataa Kutia Saini

Wengi wetu ughaibuni tunaohifadhi etha au dola za kidijitali tumehamia kwenye pochi za kifaa, kama vile Ledger. Ufunguo wa siri hukaa ndani ya kifaa na hautoki. Kompyuta huandaa muamala na kuupeleka kwenye kifaa. Kifaa huusoma, hukuonyesha kwenye kioo chake kidogo, na ukibonyeza kukubali hutia saini. Kikikataa, mara nyingi ni kwa sababu kimeletewa data ambayo hakiwezi kukusomea. Tuangalie mtandao wa Ethereum, ambako malalamiko haya ni mengi.

Programu iliyopitwa na wakati

Tarehe 5 Agosti 2021 Ethereum ilifanya mabadiliko yaliyoitwa London, na kuleta aina mpya ya muamala. Muamala wa zamani ulikuwa na bei moja ya gesi. Huu mpya una mbili: `maxFeePerGas`, yaani bei ya juu kabisa unayokubali kulipa, na `maxPriorityFeePerGas`, yaani bakshishi ya anayeuingiza muamala kwenye bloku. Tena huanza na baiti `02`, ambayo miamala ya zamani haikuwa nayo. Programu ya Ethereum iliyoandikwa kabla ya hapo haikuijua baiti hiyo, kwa hiyo ilikataa.

Ndani ya kifaa kuna tabaka mbili: programu dhibiti ya kifaa chenyewe, na juu yake programu ya kila sarafu. Programu dhibiti ikiwa ya zamani, huenda toleo jipya la programu ya Ethereum lisionekane kabisa, hata ukilitafuta. Sasisha ya chini kwanza, kisha ya juu, kupitia programu rasmi ya mtengenezaji pekee. Kabla ya kuanza, hakikisha yale maneno 24 unayo kwenye karatasi. Sarafu zako haziko ndani ya programu hizo, na maneno hayo ndiyo yanayorudisha funguo. Ukurasa wowote unaokutaka uyaandike kwenye kompyuta ni wa wezi.

Data ya mkataba

Tuseme mtu aliyeko Birmingham amemtumia ndugu yake etha bila shida. Kesho yake anataka kubadilisha etha kuwa USDC kwenye Uniswap, na kifaa kilekile kinagoma. Kompyuta inaonyesha `0x6a80`, au kifaa kinadai `Blind signing` iwashwe.

Kutuma etha kwa mtu hakuhitaji data yoyote: kuna anwani na kiasi, basi. Kutuma USDC kunahitaji data inayoanza na `a9059cbb`, ikifuatiwa na anwani na kiasi. Mpangilio huo ni wa kawaida, na kwa sarafu inazozitambua, programu huweza kuusoma na kuuonyesha. Lakini kubadilisha sarafu ni kuuagiza mkataba mahiri kwa data ndefu zaidi. Programu isipoweza kuifasiri, hukataa mpaka uiruhusu kwenye mipangilio, mahali palipoitwa zamani `Contract data`.

Ukiiruhusu, unatia saini kitu usichokisoma. Februari 2025 soko la Bybit liliibiwa takriban etha 400,000, karibu dola bilioni 1.5, baada ya watia saini wake kuidhinisha muamala ambao kwenye kompyuta ulionekana wa kawaida, ilhali data yake ilikabidhi pochi kwa wezi.

Ada

Kifaa huonyesha ada ya juu kabisa, si ile utakayotozwa. Kutuma etha hutumia gesi 21,000. Ukiweka bei ya juu gwei 30, kioo kitaonyesha etha 0.00063. Bei ya msingi ikiwa gwei 12 na bakshishi gwei 1, utalipa etha 0.000273 tu. Anayeshtuka akabonyeza kukataa huona `0x6985`: hapo aliyekataa ni yeye, si kifaa.

Lakini ukiona `insufficient funds for gas * price + value`, kifaa hakihusiki. Mtandao unataka salio litoshe kiasi unachotuma pamoja na ada ya juu kabisa. Anayejaribu kutuma salio lote hukwama hapa. Apunguze kiasi, asigeuze mipangilio ya kifaa.

Utaratibu wa kufuata

Kwanza tazama ujumbe umetoka wapi, kwenye kifaa au kwenye mtandao. Ikiwa ni kifaa, sasisha programu zote mbili, kisha jaribu tena. `Blind signing` iwe hatua ya mwisho, kwa mkataba unaoujua, kwenye tovuti uliyoiandika anwani yake mwenyewe, na uizime mara tu ukimaliza. Ukiwa na akiba kubwa, itenge kwenye pochi nyingine isiyogusa mikataba kabisa. Na mtu usiyemjua akikuhimiza kwa simu uwashe `Blind signing` haraka, usikubali.