Somo la Leo: Kuandika Maagizo ya Msimamizi

Chukueni kalamu. Msimamizi wa ujenzi ametuma kwa simu jumbe tatu za sauti, nasi tutawaandikia mafundi.

Jumatatu usiku alisema: "Kesho fungueni mbao za lile zege." Jumanne alfajiri: "Aa, miti ya chini msiguse! Za pembeni tu." Kisha: "Na maji, asubuhi na jioni, siku 7."

Mtu akiandika ule wa kwanza peke yake, huenda akaua watu, maana zege la siku tatu haliwezi kujibeba. Basi sikilizeni zote kwanza, mkitazama saa ya kila mmoja. "Kesho" tutaiandika Jumanne. Lakini "lile zege" ni lipi? Yako mawili, la ghorofa na la ngazi. Hapo msikisie, mpigieni. Sisi tulimpigia, akasema ni la ghorofa, na miti ikae mpaka ailegeze mwenyewe.

Sasa andikeni:

"Jumanne. Zege la ghorofa.
Ondoeni mbao za pembeni tu.
Miti ya chini MSIGUSE mpaka msimamizi ailegeze mwenyewe.
Mwagieni maji asubuhi na jioni, kuanzia leo mpaka Jumatatu ijayo."

Kabla ya kuibandika karatasi hiyo, msomeeni msimamizi.