Kivuli cha Sahihi

Tuseme kuna kiwanja Mbagala. Mnunuzi anasema alikinunua mwaka 2011 kwa shilingi milioni nane, akaacha pori tu, akaenda zake mikoani kutafuta maisha. Anaporudi anakuta muuzaji yule yule kaanza kuchimba msingi. Wanafikishana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mnunuzi anatoa kwenye bahasha karatasi moja iliyochapwa: hati ya mauziano, chini yake sahihi ya muuzaji, mashahidi wawili, na muhuri wa serikali ya mtaa. Muuzaji anaitazama kidogo, anairudisha mezani. "Hii sahihi siyo yangu. Na mimi sikumuuzia mtu. Huyu alikuwa mpangaji."

Wengi wangedhani mzozo unaanzia hapo kwenye sahihi. Wakili wa muuzaji, akiwa anajua kazi yake, atasimama kabla hata ya kufika huko, kwa sababu karatasi iliyoko mezani ni kivuli, yaani fotokopi.

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, ilitungwa mwaka 1967. Ile ya Kenya, Sura ya 80, ni ya 1963. Ukizisoma kwa pamoja utadhani ni mapacha, na kweli mama yao ni mmoja: Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyoandikwa na Mwingereza James Fitzjames Stephen na kutumika huku kwetu enzi za ukoloni. Zote zinashika kanuni moja. Anayetaka kuthibitisha kilichoandikwa kwenye hati ailete hati yenyewe, mahakama iione. Huo ndio ushahidi wa msingi. Kivuli, nakala iliyoandikwa upya, hata maneno ya mtu aliyeisoma hati kwa macho yake, vyote ni ushahidi wa pili, na huo haupokelewi mpaka uelezwe ule wa msingi uko wapi.

Watu huona huu ni usumbufu wa mawakili, maana maandishi ni yale yale. Kwa maneno, ni kweli. Lakini karatasi iliyosainiwa ina vitu ambavyo mashine ya kutolea vivuli haivioni. Chukua karatasi uliyoisaini kwa kalamu ya bikari, uigeuze, upitishe ncha ya kidole upande wa nyuma. Utasikia vijituta. Mkono ulikandamiza, karatasi ikabonyea. Kwenye kivuli hakuna tuta, hakuna wino, kuna unga mweusi tu uliobandikwa kwa joto. Mtu anaweza kukata sahihi yako kwenye risiti ya kodi ya pango, akaibandika chini ya hati ya mauziano, akatoa kivuli, kisha akatoa kivuli cha kivuli. Mistari ya gundi na mkasi inapotea, na kinachobaki ni hati safi yenye sahihi yako ya kweli kabisa, ambayo hujawahi kuisaini.

Basi mnunuzi wetu ana njia chache tu za kupitisha kivuli chake. Akisema hati halisi imepotea au imeungua, atoe ushahidi kwamba ilikuwepo na kwamba ameitafuta. Taarifa ya upotevu ya polisi husaidia, ingawa ile iliyoandikwa wiki moja kabla ya kesi haina uzito wa ile iliyoandikwa siku nyumba ilipoungua. Akisema hati halisi anayo muuzaji mwenyewe, kwa kawaida ampelekee kwanza notisi ya kuitoa. Muuzaji akikataa au akinyamaza, hapo kivuli kinapata mlango wa kuingilia. Kama muuzaji aliwahi kuandika kwa mkono wake, hata kwenye barua, kwamba hati hiyo ipo na inasema hivyo, hilo nalo linatosha kukiingiza.

Kuna njia moja ambayo watu huitegemea, nayo haifiki mbali: muhuri wa wakili unaosema nakala hii ni sawa na halisi. Kwa nyaraka za umma, kama hukumu au kumbukumbu za msajili wa hati, nakala iliyothibitishwa na ofisi inayotunza ile halisi inakubalika, kwa sababu hakuna anayetarajia ofisi itoe daftari lake nje. Hati ya mauziano kati ya watu wawili si waraka wa umma. Muhuri wa wakili juu yake unasema tu kwamba mtu fulani siku fulani aliona karatasi nyingine. Swali la iko wapi linabaki pale pale.

Na yule anayetaka kupinga, apinge wakati huo huo kielelezo kinapoletwa. Kusubiri mpaka rufaa ndipo uulize halisi iko wapi ni kujichelewesha mwenyewe. Upande wa pili nao wakumbuke kwamba hati iliyoambatishwa kwenye madai bado si ushahidi. Ni mpaka shahidi aitoe barazani, upande wa pili usikilizwe, ipokelewe na kupewa namba.

Tuseme mnunuzi amefaulu. Amethibitisha kwamba hati halisi aliiweka kwa marehemu mjomba wake na nyumba ya mjomba ilibomoka kwa mafuriko. Kivuli kimepokelewa, lakini kupokelewa si kuaminiwa. Sasa ndipo sahihi inapokuja, na mzigo uko kwa mnunuzi: anayesema hati ilisainiwa na fulani ndiye wa kuthibitisha kwamba mwandiko ule ni wa fulani.

Ushahidi ulio bora ni wa macho. Mmoja wa mashahidi wa ile hati amefariki, wa pili yupo Tandika na anakumbuka: walikaa barazani kwa mwenyekiti, fedha zikahesabiwa, muuzaji akasaini akiwa amepiga goti kwa sababu meza ilikuwa fupi. Shahidi wa namna hii hupimwa kwa mambo madogo kama hayo ya goti na meza. Mwenyekiti, kwa upande wake, anaweza kusema muhuri ni wa ofisi yake, lakini akiulizwa kama aliona kalamu ikitembea, na jibu likawa aliletewa karatasi tayari imesainiwa, muhuri wake hauthibitishi sahihi ya mtu yeyote.

Baada ya hao wanakuja wanaoujua mwandiko: karani aliyepokea barua za muuzaji kwa miaka, mwenzake wa ofisini, mtu aliyezoea kuona sahihi yake kazini. Sheria inawaruhusu kutoa maoni yao. Halafu yupo mtaalamu wa maandishi.

Mtaalamu hafanyi kama tunavyofanya sisi, kuweka sahihi mbili pamoja na kusema zinafanana. Mtu hasaini mara mbili sawasawa. Sahihi yako ya asubuhi na ya jioni zinatofautiana urefu wa mkia, mwinamo, nafasi kati ya herufi. Kwa hiyo mtaalamu huomba sahihi nyingi zisizobishaniwa, na anazipenda zaidi zile zilizotiwa bila mtu kujua kwamba zitapimwa: fomu ya benki, karatasi ya malipo ya mishahara, mkataba wa umeme, tena za karibu na mwaka 2011 kwa sababu mkono hubadilika na umri na maradhi. Kutokana na hizo anajua mwandishi huyu anatofautiana na nafsi yake kwa kiasi gani. Ndipo anauliza kama sahihi inayobishaniwa imo ndani ya mipaka hiyo.

Anayeiga hukabwa na jambo moja: anachora, haandiki. Mkono unaoandika unakimbia, mstari unaanza mwembamba, unanenepa, unaisha ukiwa bado hewani. Mkono unaochora unatetemeka, unasimama katikati ya herufi kuangalia ulikotoka, unamalizia kwa kidoti kizito. Cha ajabu ni kwamba kufanana kupita kiasi nako ni ushahidi wa kughushi. Mwaka 1868, huko Massachusetts, Marekani, mahakama ilisikiliza kesi ya wosia wa Sylvia Ann Howland. Mpwa wake alileta ukurasa wa kubatilisha wosia wowote wa baadaye, na sahihi yake ikafunika sahihi nyingine ya marehemu mstari kwa mstari. Mwanahisabati Benjamin Peirce na mwanawe Charles walilinganisha sahihi 42 za kweli za marehemu, mbili mbili, wakihesabu mistari 30 inayoshuka chini katika kila moja. Sahihi za kweli zilikubaliana kwa wastani mistari sita hivi kati ya 30. Zile mbili zilikubaliana yote 30. Mpwa alishindwa kesi, ingawa mahakama iliiamua kwa sababu nyingine kabisa: sheria haikumruhusu kutoa ushahidi katika jambo lake mwenyewe dhidi ya marehemu.

Tatizo la mnunuzi wetu ni kwamba mtaalamu anapewa kivuli. Mtetemo mdogo umemezwa na unga wa mashine, mkandamizo haupo, mahali kalamu iliponyanyuliwa pamejazika. Mtaalamu mwaminifu atasema umbo linalingana na la muuzaji, na hapo atakoma. Hawezi kusema sahihi ile ilitiwa kwenye karatasi hii. Na hata akisema zaidi, maoni yake ni maoni. Baraza linaweza kuyakataa kama hakueleza sababu, au kama shahidi wa macho ameaminika.

Baraza lina uwezo pia wa kulinganisha lenyewe, na linaweza kumwamuru muuzaji aandike jina lake pale pale. Anapewa kalamu, anatia sahihi tano. Zinafanana zenyewe kwa zenyewe, ila hazifanani na ya kwenye hati, wala na ya kwenye fomu zake za benki, wala na ile iliyo kwenye majibu yake ya kesi hii. Hiyo ndiyo sababu wataalamu hawatosheki na sahihi za kuombwa: mtu akijua anapimwa huandika kama mgeni kwa jina lake. Kwa muuzaji, hapo madai ya kukana yameanza kumgeuka.

Kisha, kesi ikiwa karibu kumalizika, binti wa marehemu mjomba anapata boksi lililookolewa kwenye mafuriko. Hati halisi imo, imekunjwa mara nne. Mtaalamu anaitazama kwa hadubini. Nyuma kuna tuta, mstari unakimbia bila kusita, mipaka yote ni ya muuzaji. Sahihi ni yake. Lakini mkia wa sahihi umepanda mpaka kwenye mstari uliochapwa juu yake, na pale zinapokutana, unga mweusi wa printa unaonekana umelala juu ya wino. Si kila makutano husomeka vizuri hivyo, wino mwingine hudanganya macho, ila hapa panasomeka: karatasi ilisainiwa kwanza, maneno ya mauziano yakachapwa baadaye.

Shahidi wa Tandika anaitwa tena. Anaulizwa siku ile muuzaji anapiga goti, karatasi ilikuwa na maandishi gani. Anasema hakuisoma, ila anakumbuka ilikuwa nyeupe. Muuzaji naye hawezi tena kusema sahihi siyo yake. Hadithi yake sasa ni nyingine, kwamba alimsainia mpangaji karatasi tupu ili aandikiwe risiti ya kodi, na hiyo ni tuhuma ya udanganyifu. Tangu kesi ya Ratilal Gordhanbhai Patel dhidi ya Lalji Makanji ya mwaka 1957, mahakama za Afrika Mashariki zinataka tuhuma ya namna hiyo ithibitishwe kwa kiwango kizito kuliko madai ya kawaida, ingawa si kizito kama cha jinai. Mzigo umehama. Wakili wake anaomba kesi iahirishwe, aende kutafuta risiti za kodi za mwaka 2011.